Mtu Kwenye Picha ya Kamera: Tutajuaje Urefu Wake?

Siku hizi kamera za ulinzi zimefika hata vijijini. Utaziona kwenye maghala, kwenye maduka na kwenye vituo vya mafuta vya njiani. Kamera inakaa juu ukutani, haisinzii, na kila inachokiona inakiweka kwenye mashine yake ya kurekodi. Kukitokea wizi, watu wanakusanyika mbele ya kioo kutazama. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Sura haionekani vizuri, basi kila mmoja anataja umbo. "Huyu ni mrefu, ni fulani." "Hapana bwana, huyu ni mfupi, tazama kichwa kilipofika." Na mtu anaweza kufungwa kwa maneno kama hayo.

Je, urefu wa mtu unaweza kupimwa kutoka kwenye picha? Ndiyo, unaweza. Lakini haupimwi kwa namna watu wengi wanavyodhani. Hebu tuchukue mfano mmoja wa kutunga, tuufuate mpaka mwisho kwa vipimo vyake.

Tuseme kuna ghala la chama cha ushirika. Ndani ya ghala, upande mmoja, kuna chumba cha mbolea chenye mlango wa mbao. Ukuta unaotazamana na mlango huo una kamera. Usiku mmoja mtu anaingia ghalani. Kamera inamwonyesha amesimama mbele ya mlango wa mbolea, mgongo ameugeuzia kamera. Anautazama mlango kidogo, kisha anatoka upande wa pembeni ambako picha haifiki. Asubuhi mifuko ya mbolea imepungua.

Kamati inakutana. Mweka hazina anachukua rula, anaiweka kwenye kioo. Mlango kwenye picha una urefu wa milimita 120. Mtu, kutoka unyayoni mpaka utosini, ana milimita 111. Mlango wenyewe kila mtu anaujua, una sentimita 200. Mweka hazina anapiga hesabu: 200 gawa kwa 120, zidisha kwa 111. Jibu ni 185.

"Mlinzi wetu wa zamu ya mchana ana sentimita 185," anasema. "Tulimpima wakati wa kumshonea sare."

Kijana mlinzi anasimama. "Wazee wangu, mimi usiku ule nilikuwa nyumbani."

Mzee mmoja wa kamati anapinga hesabu ile. "Ndugu Mweka Hazina, tazama kichwa cha mtu huyu kilipofika. Kimefika chini ya komeo la juu la mlango. Komeo lile mimi linanifika kidevuni. Huyu ni mtoto." Wanakwenda kupima pale chini ya komeo. Ni sentimita 138 kutoka sakafuni.

Basi picha ni moja, mlango ni mmoja, na majibu ni mawili: 185 na 138. Ni nani amekosea? Wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja. Wamempima mtu kwa mlango kama vile alikuwa amesimama mlangoni. Lakini hakuwa mlangoni. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, karibu zaidi na kamera.

Jaribu jambo hili sasa hivi, hapo ulipo. Funga jicho moja. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya mti ulio mbali. Kidole kinaufunika mti mzima. Je, kidole kina urefu wa mti? Hapana. Kidole kiko karibu na mti uko mbali. Sasa inua kichwa kidogo bila kusogeza kidole. Ncha ya kidole inashuka kwenye mti. Kidole hakikupungua, ila jicho lako limepanda.

Kamera ni jicho moja kama hilo ulilobaki nalo. Inaona kwa mistari iliyonyooka. Ukichukua mstari ulionyooka kutoka kwenye jicho la kamera, ukapita juu kabisa ya utosi wa mtu, ukaendelea mpaka ugonge mlango, pale unapogonga ndipo kichwa "kinapofika" kwenye picha. Kwa kuwa kamera iko juu, mstari huo unateremka. Ukishapita utosi unaendelea kuteremka, kwa hiyo unagonga mlango chini kuliko urefu wa mtu mwenyewe. Ndiyo maana mzee wetu aliona mtoto. Na miguu nayo inaonekana chini ya kizingiti, kwenye sakafu ya mbele. Ukimpima mtu kwa rula kutoka miguu hiyo ya karibu mpaka kichwani, unapata mtu mkubwa kuliko alivyo. Ndiyo maana mweka hazina aliona jitu.

Kwa hiyo kuna swali la kwanza kabla ya kushika rula: miguu yake ilikuwa wapi? Usitazame kichwa kwanza. Tazama miguu. Kitu unachotaka kukilinganisha na mtu lazima kiwe kimesimama mahali pale pale alipokanyaga, au ujue kiko mbali naye kiasi gani.

Katika ghala letu bahati ipo. Fundi aliyemwaga sakafu aliiacha na mistari ya maungio ya saruji. Kwenye picha nyayo za mtu yule ziko juu ya mstari mmoja wa maungio, na mstari huo bado upo. Wanapima kwa futi ya fundi kutoka mlangoni mpaka kwenye mstari: mita 1 kamili. Halafu wanateremsha timazi kutoka kwenye jicho la kamera mpaka sakafuni. Timazi ni kile kipande cha chuma chenye uzi ambacho mwashi anapimia ukuta. Jicho la kamera liko juu ya sakafu kwa sentimita 300. Kutoka timazi ilipogusa sakafu mpaka mlangoni ni mita 6.

Vipimo ni hivyo vinne tu: 300 za kamera, mita 6 za mlango, mita 1 ya miguu, na 138 za alama ya komeo. Kwa hivyo mtu yule anaweza kupimwa bila kalamu. Chukua uzi wa mwashi. Mmoja apande ngazi ashike uzi karibu kabisa na jicho la kamera, lakini asiiguse kamera. Mwingine ashike ncha ya pili chini ya komeo, pale kwenye sentimita 138. Vuteni sana. Uzi ukilegea utabonyea katikati, nanyi mtampunguza mtu urefu bure. Kisha simamisheni ufito ulionyooka kwenye mstari wa sakafu, pale pale nyayo zilipokuwa. Uzi unapougusa ufito, tieni alama. Pimeni kutoka sakafuni mpaka kwenye alama hiyo. Huo ndio urefu wa mtu kama alivyosimama.

Anayependa hesabu afanye hivi. Uzi unaanza sentimita 300 juu ya sakafu na unaishia 138. Umeshuka sentimita 162. Umeshuka kiasi hicho katika mita 6, kwa hiyo kila mita unashuka sentimita 27. Mtu alikuwa mita 1 kabla ya mlango. Basi rudi nyuma mita moja, ongeza 27 kwenye 138. Jibu ni 165.

Kumbe si 185, wala si 138. Ni 165.

Lakini ngoja, tusimalize haraka. Hesabu nzuri ikitoka kwenye kipimo kibaya haifai kitu. Njia bora ya kuijaribu ni kutumia watu wanaojulikana urefu. Tafuta mtu wa sentimita 165, msimamishe kwenye mstari ule, atazame mlango. Kamera imrekodi. Kwenye picha utosi wake utafika chini ya komeo, kama wa yule mwizi. Sasa msimamishe mlinzi, yule wa 185, mahali pale pale. Kutoka 300 mpaka 185 mstari unashuka 115 katika mita 5 za kwanza, maana yake sentimita 23 kila mita. Ukifika mlangoni umeshuka 138 jumla, na unagonga mlango kwenye sentimita 162. Kichwa cha mlinzi kitapita juu ya komeo kwa sentimita 24. Hilo haliwezi kufichika. Mtu yeyote aliyeketi kwenye kamati ataliona kwa macho, hata asiyejua kugawanya.

Usijaribu na mtu mmoja tu. Wachunguzi wa jinai wa serikali ya Uholanzi, ambao wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, huwasimamisha watu kadhaa wa urefu unaojulikana mahali penye tukio, mbele ya kamera ile ile, na huwaweka katika pozi ile ile ya mtuhumiwa. Kisha wanaona kipimo chao kinakosea kiasi gani na kwa upande upi. Kama watu watano wote wamepimwa pungufu kwa sentimita 3, basi na yule asiyejulikana huenda amepungukiwa hivyo hivyo, nao wanamrudishia.

Tuone sasa makosa yanaingilia wapi.

Kosa kubwa ni la miguu. Picha za usiku hazina rangi, na kiatu cheusi juu ya sakafu nyeusi hakionekani vizuri. Tuseme umekosea mahali pa miguu kwa sentimita 10 tu. Uzi unashuka sentimita 27 kila mita, kwa hiyo sentimita 10 zinaleta kosa la karibu sentimita 3 kwenye urefu. Ukikosea nusu mita, ni sentimita 13 na nusu, na hapo kipimo kimekufa. Kama miguu haionekani kabisa, imefichwa na magunia kwa mfano, usikubali mtu akuambie urefu kwa uhakika. Hajui mtu huyo alisimama wapi.

Kosa la kichwa ni dogo zaidi. Ukikosea alama ya mlangoni kwa sentimita 2, urefu unakosea kwa chini kidogo ya sentimita 2. Lakini angalia unachopima. Kofia, kilemba na nywele nyingi vinaongeza. Viatu navyo vinaongeza, mara nyingi sentimita 2 au 3. Kwa hiyo 165 zetu ni pamoja na viatu. Ukimpima mtuhumiwa peku halafu ukalinganisha, umemwonea au umempendelea. Mpime na viatu vya namna ile inayoonekana.

Halafu kuna mwili wenyewe. Mtu anayetembea si mrefu sawa na mtu aliyesimama wima. Akitanua hatua anashuka, na mguu mmoja ukipita karibu na mwenzake anapanda. Picha za kamera zinakuja nyingi kwa kila sekunde, basi chagua ile ambayo mtu amenyooka kuliko zote, miguu ikiwa chini ya mwili. Pimeni picha kadhaa, si moja. Hata bila kutembea binadamu habaki sawa kutwa nzima. Asubuhi akiamka ni mrefu kuliko jioni kwa sentimita 1 hivi, kwa sababu uti wa mgongo unabanwa na uzito wa mchana. Kwa wakulima waliobeba mizigo siku nzima hili si jambo geni.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mtu mrefu anaweza kujikunja akaonekana mfupi. Lakini mtu mfupi hawezi kujirefusha, isipokuwa kwa viatu au kwa kusimama kwa vidole. Kwa hiyo picha inapokuambia "165", inakuambia kwa uhakika zaidi kwamba mtu huyo hapungui sana hapo. Kwamba hazidi hapo, hilo linategemea kama alikuwa amenyooka. Kabla hatujasema mlinzi hayumo, lazima tutazame magoti na mgongo wa mtu yule. Ili mtu wa 185 ashuke mpaka 165 anapaswa kujikunja sentimita 20. Kwa kujikunja kiasi hicho magoti yatapinda au mgongo utainama waziwazi. Katika picha zetu mtu amesimama wima, mikono kiunoni, anatazama mlango. Hakuna mahali alipoficha sentimita 20. Kijana mlinzi si yeye.

Nimependa njia ya uzi kwa sababu nyingine pia. Kamera nyingi za ulinzi zina kioo kipana, kinachotaka kuona chumba kizima. Vioo vya namna hiyo vinapinda picha. Utaona nguzo iliyonyooka imekuwa kama upinde, hasa pembeni mwa picha. Mashine nyingine inavuta picha ionekane pana, na watu wote wanakuwa wanene na wafupi. Rula ya mweka hazina inadanganywa na hayo yote. Uzi haudanganywi. Kioo kinaweza kupinda picha kinavyotaka, lakini hakiwezi kubadili kitu gani kimefunika kitu gani. Kama utosi ulikuwa chini tu ya komeo, ulikuwa chini tu ya komeo. Hata kamera ikigeuzwa kidogo kutazama upande, uzi unabaki ule ule, mradi kamera haikuhamishwa kutoka mahali pake ukutani. Ikihamishwa hata kwa kipande kifupi, kazi inaharibika. Na hapa watu wanakosea sana: wizi ukitokea, kesho yake fundi anaitwa kuipandisha kamera juu "ili ione vizuri zaidi". Ameondoka na kipimo chenu.

Je, kama nyuma ya mtu hakuna mlango wala komeo? Tuseme alikuwa katikati ya uwanja. Basi uzi hauna pa kufikia. Hapo mnatumia kamera yenyewe. Mmoja akae mbele ya kioo, picha ya tukio ikiwa pembeni yake. Mwingine aende uwanjani na jiwe. Aliyeko kwenye kioo amwelekeze, "Sogea kushoto, rudi nyuma, hapo hapo," mpaka jiwe lionekane pale pale palipokuwa na nyayo. Sasa mahali pa miguu pamejulikana, na umbali kutoka kwenye kamera mnaweza kuupima kwa futi. Umbali huo wenyewe mara nyingine ndio unaotakiwa: gari lilisimama hatua ngapi kutoka lango, au mtu alikuwa mbali kiasi gani na jirani aliyepigwa. Kisha simamisheni ufito wenye alama kila sentimita 10 juu ya jiwe, mlinganishe na kichwa. Ila kwa njia hii kamera isiwe imehamishwa, wala kugeuzwa, wala kubadilishwa ukubwa wa picha. Na mtu akiwa mbali sana, nukta moja ya picha inaweza kufunika sentimita 5 au zaidi za mwili wake. Hapo msitafute sentimita. Hazimo.

Turudi ghalani. Kamati imejumlisha makosa yake: miguu karibu 3, kichwa karibu 2, mkao wa mwili nao kidogo. Haikuandika "mwizi ana 165". Iliandika kwamba mtu aliyeonekana, pamoja na viatu vyake, ana kati ya sentimita 160 na 171. Hayo ni maandishi ya kweli. Lakini mjumbe mmoja akaamka, akasema, "Basi tunaye! Mpishi wa shule ana 165."

Hapana. Hesabu watu wazima wa kijiji chenu walio kati ya 160 na 171. Huenda ni nusu ya mkutano, na mjumbe mwenyewe yumo. Kipimo hiki kina nguvu ya kumtoa mtu kwenye orodha. Kumwingiza hakiwezi, mpaka kiungane na ushahidi mwingine: funguo zilikuwa kwa nani, mifuko imeonekana wapi, nani alimwona.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote. Mashine za kurekodi zina nafasi ya siku chache au wiki chache tu. Nafasi ikijaa, zinafuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake bila kumwuliza mtu. Kwa hiyo siku ile ile ya wizi mwombeni fundi atoe nakala ya picha zote za usiku huo, si kipande kimoja, na polisi wapewe. Andikeni kimo cha kamera na umbali wake kutoka mlangoni, mbele ya mashahidi wawili, na wote watie sahihi. Kisha mwacheni fundi aende zake. Asiiguse kamera.